Viazi au mahindi kwenye ekari moja: gharama ya fursa inavyohesabiwa

"Shikamoo mwalimu. Nasoma kidato cha tano, mchepuo wa HGE, kwetu ni jirani na Uyole, Mbeya. Baba ana ekari moja iliyokwisha kulimwa kwa trekta. Yeye anataka viazi, mama anataka mahindi. Nikajaribu gharama ya fursa tuliyofundishwa: nikachukua mauzo ya mahindi 1,080,000, nikajumlisha ya maharage 900,000 na kodi ya shamba 150,000, nikapata 2,130,000. Viazi vinaweza kuuzwa 2,250,000 kabla ya kutoa gharama yoyote, kwa hiyo nikamwambia baba viazi ni hasara. Akanijibu kwamba shamba ni lake, nguvu ni zake, mbolea ipo stoo na trekta ameshalipa, hivyo hakuna gharama ila mbegu, dawa na usafiri. Nani amekosea?"

Marahaba, mwanangu. Mmekosea wote wawili, ila kila mmoja kwa upande wake: wewe umeihesabu gharama kupita kiasi, na mzee wako amefuta gharama ambazo zipo. Mama yako hujatuambia anatoa sababu gani, lakini nadhani ninaijua, na nitaifikia, kwa sababu ndiyo inayoweza kubadilisha jibu lote.

Nianze na wewe. Ekari ni moja na msimu ni mmoja. Mzee akipanda viazi, hapotezi mahindi na maharage na kodi kwa pamoja, maana hata asingepanda viazi asingevipata vyote vitatu. Shamba likikodishwa kwa jirani, nyinyi hamvuni gunia hata moja. Likijaa mahindi peke yake, maharage hayana pa kukaa. Kwa hiyo unapouliza viazi vinagharimu nini, swali ni hili: kama viazi visingepandwa, shamba hilo lingefanya kitu gani kimoja kilicho bora kuliko vingine vyote? Thamani ya hicho kimoja ndiyo gharama ya fursa. Vilivyobaki vinaondoka kwenye hesabu kabisa. Na kama mama anafikiria kupanda mahindi na maharage kwa kuchanganya, kama wengi wafanyavyo huko kwetu, basi huo mchanganyiko ni chaguo moja lenye hesabu yake yenyewe, yenye mahindi pungufu na maharage pungufu. Huchukui mavuno kamili ya hili na mavuno kamili ya lile ukayaweka juu ya udongo uleule.

Kosa lako la pili halionekani haraka, na nimeliona hata kwa watu waliokwisha kumaliza chuo. Umechukua mauzo ghafi. Mahindi ya 1,080,000 hayaoti yenyewe. Tuyafungue kwa bei za kukisia, ambazo nakuomba uje uzibadilishe kwa bei za kwenu. Mauzo yako yanaonyesha umekadiria magunia 18 ya kilo 100, kila moja shilingi 60,000. Kuyapata, mtanunua kilo 10 za mbegu chotara, tuseme 80,000. Mtaweka mifuko mitatu ya mbolea, kupandia na kukuzia, ambayo kwa 70,000 kila mmoja ni 210,000. Dawa ya viwavijeshi, kupukuchua na magunia matupu, 70,000. Kazi ya kupanda, kupalilia na kuvuna, siku 40 za mtu mmoja. Kama kibarua analipwa 6,000 kwa siku, ni 240,000. Jumla 600,000. Kinachobaki ni 480,000.

Sasa fikiri mzee anapoamua kupanda viazi. Kweli anayaacha mauzo ya 1,080,000, lakini pia anaepuka kutoa zile 600,000, kwa sababu hatanunua mbegu ya mahindi wala hatapalilia mahindi. Alichokiacha hasa ni 480,000. Fanya hivyo kwa maharage: magunia 5 kwa 180,000 ni 900,000. Toa mbegu 100,000, mfuko mmoja wa mbolea 70,000, dawa na magunia 50,000, na siku 45 za kazi, 270,000. Yanabaki 410,000. Kodi ni 150,000 na haina cha kutoa.

Zikipangwa, mahindi yanatangulia, kisha maharage, kisha kodi. Gharama ya fursa ya kuipa viazi ekari ile ni 480,000, siyo 2,130,000. Lakini usiitupe ile kodi. Ndiyo sakafu yako. Siku ambayo mazao yote yataonekana kubakiza chini ya 150,000, kukodisha kutakuwa chaguo bora kuliko kulima, na watu kulima tu kwa sababu shamba lipo ni hasara ambayo huwa haiandikwi popote.

Nije kwa mzee. Maneno yake manne si ya uzito mmoja, kwa hiyo tuyapime moja moja.

La trekta yuko sahihi, na wewe ukiliweka kwenye hesabu utakuwa umekosea. Fedha ya trekta imekwisha kwenda. Apande viazi, apande mahindi, au amkodishie jirani kesho asubuhi, ile fedha hairudi na haibadiliki. Kitu kisichobadilika kwa uamuzi wowote hakiwezi kukusaidia kuamua. Kuna kasoro moja tu: kama jirani angelipa kodi kubwa zaidi kwa kuwa shamba limeshalimwa, nyongeza hiyo ingeingia kwenye kodi. Nimechukulia kwamba 150,000 yako ni ya shamba kama lilivyo leo.

La shamba kuwa lake, amekosea, ila gharama yake tumeshaipata. Kumiliki shamba kunamwondolea mtu wa kumdai, hakuliondolei shamba kazi nyingine ambayo lingeweza kuifanya. Ile 480,000 ya mahindi ndiyo bei ya shamba lake mwenyewe kwa msimu huu. Angalia usije ukaongeza kodi juu yake, maana utakuwa umelihesabu shamba mara mbili.

La mbolea linahitaji uangalifu. Alinunua kwa bei gani haijalishi tena. Kinachojalisha ni mfuko huo ungefanya nini kama usingemwagwa kwenye viazi. Sisemi auuze, kwani mbolea ya ruzuku haikutolewa ili iuzwe tena. Lakini mfuko mkavu, uliowekwa juu ya mbao na kufungwa vizuri, unangoja msimu ujao, na msimu ujao hatanunua mwingine. Kwa hiyo kila mfuko anaoutumia leo una thamani ya mfuko ambao atalazimika kuununua baadaye. Ndiyo maana nimeandika 70,000 hata kwa mifuko iliyoko stoo.

La nguvu ndilo gumu, na hapa mzee ana nusu ya haki. Siku ya kazi ya mtu wa nyumbani inagharimu kile ambacho mtu huyo angekipata siku hiyohiyo kwingine. Desemba na Januari, watu wote wa Uyole wanapalilia, na anayetaka kibarua anakipata kabla jua halijapanda. Siku hizo zina bei kamili ya 6,000. Lakini kuna siku za msimu ambazo hata ungezunguka kijiji kizima hakuna anayekuita. Siku hizo nguvu zake kweli hazina gharama kubwa, kwa sababu asingezitumia kupata fedha popote. Muulize kwa upole, kazi kwa kazi, miezi gani angepata kibarua na miezi gani asingepata. Nimetumia 6,000 kwa siku zote ili hesabu isitushinde mapema. Na siku zako mwenyewe za kuvuna usizisahau. Zikiangukia wiki ya mitihani, bei yake si ya kibarua.

Sasa viazi. Mauzo yako ya 2,250,000 ni magunia 50 ya kilo 100 kwa 45,000. Mbegu ndiyo inayokula fedha: ekari inataka karibu kilo 800, magunia 8, tuseme 80,000 kila moja, 640,000. Dawa za ukungu, ambazo kwenye mvua za huko huwezi kuziruka, 150,000. Magunia na kusogeza mzigo hadi barabarani, 100,000. Mbolea mifuko minne, 280,000. Kazi ya kupanda, kuinulia matuta, kunyunyizia na kuvuna, siku 60, 360,000. Jumla 1,530,000. Kinabaki 720,000.

Weka 720,000 kando ya 480,000. Viazi vinashinda kwa 240,000. Hiyo ndiyo faida ambayo sisi wa uchumi tunaiita faida ya kiuchumi: kilichobaki baada ya kulipa kila kitu, pamoja na kile ulichokiacha. Kwa mwaka wa kawaida, basi, mzee alifika mahali sahihi kwa njia isiyo sahihi.

Kwa nini niihangaikie njia kama jibu lilikuwa sahihi? Kwa sababu ya mwaka mbaya. Tuseme ukungu umewapiga, mmevuna magunia 40, na siku mnayovuna nyinyi wamevuna pia Inyala na Umalila, bei imeshuka hadi 25,000. Mauzo ni 1,000,000. Mzee atatoa fedha iliyotoka mfukoni, yaani mbegu, dawa na usafiri, 890,000, atabaki na 110,000, na jioni atasema tumepata faida kidogo, Mungu ni mwema. Lakini mifuko minne ya mbolea imekwisha na siku 60 za watu wa nyumbani zimekwenda. Vitu hivyo vina thamani ya 640,000. Familia imepoteza 530,000 na daftari linaonyesha faida. Mkulima anayehesabu hivyo anaweza kurudia kosa hilo miaka mingi huku akishangaa kwa nini kila msimu anaanza na stoo tupu. Hilo ndilo linalonifanya nikuandikie kwa urefu huu.

Kuna jambo vitabu vya kidato cha tano vinalipita haraka, nalo ni muda wa shamba. Tumelinganisha viazi na mahindi kana kwamba vinakaa ardhini muda sawa. Havikai. Ukipanda na mvua za kwanza za Novemba, viazi vinatoka Machi. Mahindi ya muda mrefu ya nyanda za juu yanakaa hadi Juni au Julai. Kwa hiyo viazi vikishatoka, shamba lina unyevu na lina mabaki ya mbolea, na Machi ndiyo mwezi ambao watu wengi wa Mbeya wanapanda maharage. Chaguo halisi, basi, ni mahindi kwa msimu mzima, au viazi vikifuatwa na maharage. Maharage hayo ya pili yatakuwa machache. Tuseme magunia 3, 540,000. Toa mbegu 100,000, dawa na magunia 50,000, na siku 35 za kazi, 210,000. Yanabaki 180,000. Upande wa viazi unapanda hadi 900,000. Nakuonya tu kwamba Machi ni mwezi wa kuvuna viazi na kupanda maharage kwa pamoja, na mikono ikipungua, kimojawapo kitachelewa. Maharage yaliyochelewa yanakutana na mwisho wa mvua.

Ukiishia hapo, viazi vimeshinda mara mbili na mama ameshindwa. Lakini hatujamsikiliza.

Familia yenu inakula mahindi. Tuseme magunia 6 kwa mwaka. Wewe umeyapa magunia yote 18 bei ya 60,000, ambayo ni bei ya kuuzia wakati wa mavuno. Gunia ambalo mama ataliweka stoo halina bei hiyo. Lina bei ya gunia ambalo asingelazimika kulinunua Januari au Februari, wakati stoo za wengi zimekwisha na mahindi mapya bado yako shambani. Tuseme wakati huo gunia ni 90,000. Magunia 6 ya chakula yana thamani ya 30,000 zaidi kila moja, jumla 180,000. Chaguo la mahindi linapanda kutoka 480,000 hadi 660,000, na hiyo sasa ndiyo gharama ya fursa ya viazi, kwa sababu kwa nyumba yenu ndiyo thamani ya kweli ya kile kinachoachwa.

Kabla hujaikubali hesabu hiyo, ijaribu. Viazi vinauzwa Machi. Je, fedha hiyo itakaa hadi Julai, mzee akanunua magunia 6 kwa bei ya mavuno na kuyahifadhi? Kama ndiyo, ile 180,000 inatoweka, maana hamtanunua kwa 90,000. Kama fedha ya Machi huwa inakwenda kwenye ada, madeni na matibabu kabla ya Julai, basi mama yuko sahihi na 180,000 inabaki. Hapa hesabu haiwezi kukujibu. Inakujibu historia ya nyumba yenu, na mama anaifahamu kuliko mimi na wewe.

Tukichukua kwamba mama yuko sahihi, kuna kitu kizuri kinajitokeza. Magunia 6 ya chakula yanatoka kwenye theluthi moja ya ekari. Theluthi hiyo ya kwanza ya mahindi inaleta 160,000 ya kawaida na 180,000 ya kuepuka kununua, jumla 340,000. Ungeipa viazi na maharage, ingeleta theluthi ya 900,000, yaani 300,000. Hapo mahindi yanashinda. Lakini theluthi ya pili ya mahindi ni ya kuuza tu. Inaleta 160,000, na viazi mahali pale pale vinaleta 300,000. Theluthi ya tatu vilevile. Kwa hiyo baba na mama walikuwa wanabishania swali lisilo lao. Hawakulazimika kuchagua viazi au mahindi kwa ekari nzima. Theluthi moja ya mahindi na theluthi mbili za viazi inaleta 940,000, wakati viazi vitupu vinaleta 900,000 na mahindi matupu 660,000.

Hilo ndilo mwalimu wako atakalokuchorea baadaye kama mpaka wa uwezo wa uzalishaji, ule mstari uliopinda kwa nje. Mara nyingi mstari hupindishwa na udongo: sehemu ya juu ya mteremko inafaa viazi, ya chini inashika maji na inafaa kitu kingine, kwa hiyo kadiri unavyosukuma zao moja kwenye udongo usiolifaa ndivyo unavyoacha zaidi. Kwenu mabadiliko yanatoka kwenye matumizi: gunia la kwanza la mahindi ni chakula, gunia la kumi ni bidhaa. Sababu ni tofauti, lakini njia ya kuamua ni ileile. Usiulize zao lipi ni bora. Uliza, kwa kipande hiki cha shamba kinachofuata, nikiondoa hiki na kuweka kile, naacha nini na napata nini. Unasimama pale ambapo kipande kinachofuata hakilipi tena.

Mgawanyo huo una jambo jingine linalonipendeza. Viazi vya ekari nzima vinataka 890,000 mkononi kabla ya kuvuna chochote. Mahindi ya ekari nzima yanataka 150,000 tu, kwa kuwa mbolea ipo na nguvu zipo. Theluthi kwa theluthi mbili inataka karibu 643,000. Fedha nayo ina kazi nyingine ingeweza kufanya. Kama mzee atakopa, riba ni gharama ya wazi na lazima iingie kwenye upande wa viazi. Kama ni akiba iliyokuwa ya bati za nyumba, muulize nyumba ikikaa mwaka mwingine bila bati inawagharimu nini. Na mwaka mbaya ukija, mahindi ya ekari nzima, tuseme magunia 14 kwa 40,000, yanaleta hasara ya 40,000 na mnakula. Viazi vya ekari nzima vinaleta ile hasara ya 530,000, hata maharage ya Machi hayawezi kuifuta yote, na mahindi ya kula bado hamna. Kwa maoni yangu, nyumba isiyo na akiba ya kuvuka mwaka kama huo isipande viazi ekari nzima hata kama wastani wa faida unavutia, kwa sababu hasara moja kubwa inaweza kuuza mbegu ya mwaka unaofuata.

Sasa kaa na mzee, mzibadilishe namba zangu zote, na kwanza kabisa chunguzeni gunia. Mimi nimetumia gunia la kilo 100, na sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao kupita hapo. Lakini mnunuzi akija na lumbesa iliyoshonwa kichwa juu, gunia lake linaweza kubeba kilo 130. Kilo zenu 5,000 za viazi hazitakuwa magunia 50, zitakuwa 38. Kwa bei ileile ya 45,000 mauzo yanashuka hadi 1,710,000, na viazi vinabakiza karibu 180,000. Ongeza maharage ya Machi, ni 360,000. Viazi vimeshindwa na mahindi hata bila kuhesabu chakula cha mama. Kwa hiyo bei yoyote mtakayoambiwa, igeuzeni iwe bei ya kilo kabla hamjaiandika, na uzeni kwa mizani inapowezekana. Kama wanunuzi wa njia yenu hawakubali ila lumbesa, hiyo ndiyo bei yenu ya kweli, na hesabu ianze nayo.

Jambo la mwisho linahitaji macho ya mtu aliye shambani, siyo barua yangu. Muulize mzee kama shamba hilo limewahi kuonyesha mnyauko wa bakteria: mmea wa viazi unanyauka ungali wa kijani, na ukikata shina na kulining'iniza ndani ya glasi ya maji safi, unaona nyuzi nyeupe za utomvu zikishuka, kiazi kikikatwa kina duara la kahawia linalotoa ute. Kama jibu ni ndiyo, futeni viazi kwenye orodha kwa msimu huu na kwa misimu kadhaa ijayo, pandeni mahindi au nafaka nyingine, na wala msiweke nyanya, maana ugonjwa ni uleule. Kama hana uhakika, mwiteni afisa ugani wa kata aone shamba kabla ya kununua mbegu, au mwende TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo ambacho mko nacho jirani, mkawaulize pia mbegu safi inapatikana wapi na kwa bei gani. Nendeni mapema, kabla ya mvua kushika, kwa sababu fedha ya mbegu ikishalipwa nayo inaingia kwenye kundi moja na ile ya trekta.